Pozi kutoka picha moja, staili kutoka nyingine: prompti ikigoma anzia hapa

Wakuu, hii ni kwa wale wanaotengeneza picha kwa modeli za akili mnemba na wana picha mbili mkononi, moja wanataka pozi lake na nyingine wanataka staili yake, ila wanachofanyia kazi ni kisanduku cha maandishi tu, hakuna sehemu ya kupakia picha au ipo lakini inaharibu zaidi ya inavyosaidia. Kwa hiyo picha zote mbili lazima zigeuke maneno, na maneno hayo yakae ndani ya prompti moja. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, na yanaharibika kwa njia chache zinazojirudia, ukishazijua unaangalia tu matokeo na unajua wapi pa kugusa.

Nitatumia kesi moja mwanzo mpaka mwisho ili tusipotezane. Picha ya pozi ni ya jamaa anasukuma mkokoteni wa magunia kwenye mwinuko, imepigwa kwa pembeni, anaelekea upande wa kulia. Picha ya staili ni mchoro wa Tingatinga wa chui. Tunachotaka ni yule jamaa, kwa mkao uleule, achorwe kwa namna alivyochorwa chui. Modeli niliyoifikiria hapa ni Stable Diffusion XL kwa sababu wengi wanaitumia kwenye kompyuta zao, lakini dalili karibu zote utazikuta kwenye modeli nyingine pia.

Kitu cha kukiweka kichwani kabla ya dalili yoyote: modeli haijui kama kulikuwa na picha mbili. Inachopokea ni maneno. Ni kama unamweleza fundi kwa simu, picha umeishika wewe yeye haioni, kwa hiyo kila kitu ambacho hujakitamka atakijaza kwa mazoea yake. Na mbaya zaidi maneno yote yanaingia kwenye kapu moja, neno ulilolichukua kwenye picha ya chui na neno ulilolichukua kwenye picha ya mkokoteni hayana lebo ya kusema hili ni la pozi hili ni la staili. Wewe ndiye unayetakiwa kuyatenganisha kabla hujaandika.

Kwa hiyo kabla ya prompti nakaa chini nagawa mali. Najiuliza kila kitu kwenye picha ya mwisho mwenyewe ni nani. Mkao wa mwili, vitu alivyovishika, anaangalia wapi, picha imechukuliwa kutoka upande gani, hivyo vyote ni vya picha ya pozi. Mistari, namna rangi ilivyopakwa, uso wa picha kung'aa au kutong'aa, usuli, hivyo ni vya picha ya staili. Kisha kuna vitu vya ugomvi ambavyo picha zote mbili zinavidai: mwanga, kina, nguo, na umbo la fremu. Hivi ndivyo vinavyoleta shida karibu zote. Kwenye kesi yetu picha ya pozi ina jua la mchana na vivuli, mchoro wa chui hauna kivuli kabisa. Lazima mmoja ashinde, na hapa anashinda mchoro, maana yake neno lolote la mwanga kutoka kwenye ile foto halitakiwi kuingia hata kwa bahati mbaya. Nguo ya jamaa ni ya pozi kama umbo, yaani shati na suruali, lakini rangi na madoa ya nguo ni ya staili. Ukiacha jambo moja bila mwenyewe, modeli italichagulia mwenyewe inayemtaka yeye.

Kabla ya kutibu, jua nusu ipi ni mgonjwa

Watu wengi wakiona picha mbovu wanaanza kuongeza maneno, prompti inarefuka mpaka haieleweki. Usifanye hivyo. Kata prompti nusu mbili. Nusu ya pozi iendeshe peke yake ukiwa umeweka staili ya kawaida kabisa, mfano mchoro wa penseli. Nusu ya staili iendeshe peke yake na mtu aliyesimama tu. Namba ya `seed`, ile ambayo modeli inaanzia nayo kuchora, iwe ileile, na kila jaribio toa picha nne siyo moja.

Kwa nini nne, kwa sababu picha moja haikwambii chochote. Kama pozi limekosewa kwenye zote nne basi tatizo ni maneno yako. Kama limekosewa kwenye moja tu na tatu ziko sawa, hiyo ni bahati ya namba, badilisha `seed` uendelee, usiguse prompti nzuri. Na kama nusu zote mbili zikiwa peke yake ziko sawa ila zikiunganishwa zinaharibika, hapo una ugomvi kati ya pozi na staili, na unarudi kwenye vile vitu vya ugomvi nilivyovitaja juu. Hiki kipimo kinaokoa muda kuliko maujanja mengine yote ya prompti.

Dalili: jamaa anasukuma mkokoteni, lakini amesimama wima kama anapiga picha ya kitambulisho

Hii ndiyo inayowapata wengi. Umeandika mtu anasukuma mkokoteni, na kweli kuna mtu na kuna mkokoteni, ila mgongo umenyooka, miguu iko pamoja, mikono imegusa mkokoteni kidogo tu, wakati mwingine anaangalia kamera anatabasamu. Chanzo ni kwamba umetaja kitendo, hujaeleza mwili. Modeli imejifunza kutoka kwenye picha nyingi sana za watu, na nyingi ni za mtu aliyesimama anaangalia mbele, kwa hiyo kitendo kikiwa hakina maelezo inarudi kwenye mazoea hayo.

Dawa ni kueleza uzito wa mwili uko wapi. Angalia ile foto ujiulize: mguu upi umebeba, mguu upi unasukuma, kiwiliwili kimelala kiasi gani, viganja vimeshika wapi, kichwa kiko wapi ukilinganisha na mabega. Kwenye foto yetu jamaa amelala mbele mpaka kutoka kichwani hadi kisigino cha nyuma ni mstari mmoja ulioinama. Mikono imenyooka, viganja vyote viwili viko kwenye mbao ya nyuma ya mkokoteni, kichwa kimeshuka kati ya mabega, goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooshwa na kisigino kimeinuka. Hicho kisigino kilichoinuka kinafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani, maana mtu hawezi kuinua kisigino cha nyuma huku amesimama wima akiwa ametulia, kwa hiyo kinavuta mwili mzima kwenye mkao unaoutaka.

Usiandike nyuzi. Watu wanaandika mwili umeinama nyuzi 40, modeli haina protrakta, ile namba inapita tu. Andika uhusiano wa kiungo na kiungo, au kiungo na kitu: kichwa chini ya usawa wa mabega, viganja kwenye mbao. Na usisahau kusema picha ni ya pembeni na mwili mzima unaonekana, bila hivyo unaweza kupata pozi zuri kutoka kiunoni kwenda juu halafu ile miguu uliyoihangaikia imekatwa na fremu.

Hili la miguu kukatwa lina chanzo kingine pia ambacho hakiko kwenye maneno kabisa. Michoro ya Tingatinga ya mwanzo ni ya mraba, na mtu anaweka picha iwe 1024 kwa 1024 ili ifanane na staili. Jamaa aliyelala mbele na mkokoteni mbele yake ni umbo refu la kulala, kwenye mraba modeli inalazimika ama iwachore wadogo ama ikate. Umbo la fremu ni mali ya pozi hapa, weka 1216 kwa 832 na utaona miguu inarudi bila kuongeza neno hata moja.

Prompti ya nusu ya pozi, ya kujaribia na penseli, inakuwa hivi. Naiandika kwa Kiingereza kwa sababu maelezo ya picha yaliyofundishia modeli hizi kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na pia kisoma maandishi chake kinalikata neno la Kiswahili vipande vingi, unamaliza nafasi haraka:

```
Plain pencil drawing. Side view, full body:
man pushing a wooden handcart, body slanted far forward,
arms straight, both palms on the rear bar, head down,
front knee bent, back leg stretched, heel lifted.
```

Angalia neno la mkokoteni hapo. Ukiandika `cart` peke yake usishangae ukiletewa toroli la supamaketi, ndiyo maana nimesema ni wa mbao na wa mkono.

Dalili: staili imekuja vizuri, ila imekuja na twiga

Umeandika jina Tingatinga kwenye prompti, rangi ziko sawa, mistari iko sawa, lakini nyuma ya jamaa kuna twiga wawili na ndege, au mlima Kilimanjaro na mti wa mbuyu, na wakati mwingine jamaa mwenyewe ana madoa ya chui mwilini. Hapa modeli haijakosea kwa upande wake. Jina la staili halibebi mistari na rangi peke yake, linabeba kila kilichokuwa kwenye picha zilizoitwa kwa jina hilo, na picha za Tingatinga nyingi zina wanyama. Wewe unaposema Tingatinga unamaanisha namna ya kuchora, yeye anasikia namna ya kuchora pamoja na mbuga nzima.

Na usijitibu kwa kuandika hakuna twiga ndani ya prompti. Kisoma maandishi kinaona neno twiga, neno la kukataa lina nguvu ndogo sana mbele yake, unaweza ukapata twiga hata pale ambapo hakuwepo. Kama programu yako ina kisanduku cha `negative prompt` basi wanyama uwaweke kule, kule ndiko mahali pake. Lakini hiyo ni dawa ya kutuliza tu. Dawa yenyewe ni kuacha jina na kueleza mkono wa mchoraji.

Hapa inasaidia sana kujua mchoro ulitengenezwa kwa vifaa gani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zinazong'aa kama zile za kupaka baiskeli, na alifariki mwaka 1972, kazi ikaendelezwa na ndugu na wanafunzi wake. Sasa toa maneno kwenye vifaa hivyo. Rangi inang'aa, imepakwa bapa bila kivuli. Ubao ni mgumu na laini, hakuna nyuzi za turubai. Mnyama amezungushiwa mstari mzito, ndani amejazwa madoa na nukta, na nyuma yake kuna rangi moja tu. Hayo ni maneno manne matano ya namna ya kuchora ambayo hayana mnyama hata mmoja ndani yake:

```
Glossy enamel painting, flat unshaded colours,
thick black outlines, plain yellow background.
```

Ukiijaribu na mtu aliyesimama ukaona inatoa kitu kinachofanana na katuni ya kawaida tu, roho ya mchoro haipo, hapo unaweza kulirudisha jina, ila mwishoni na mara moja, baada ya maelezo ya mkono kuwa yameshatangulia. Maoni yangu binafsi, kwa mchoraji aliye hai mwenye staili yake mwenyewe jina lake nisingelitumia kabisa, eleza unachokiona kwenye picha, na ukiichapisha sema umeanzia kwa nani.

Dalili: usuli umekuwa mchoro, jamaa amebaki foto

Hii inaudhi kwa sababu inakaribia sana. Nyuma kuna njano bapa safi, mkokoteni una mistari mizito, halafu ngozi ya jamaa ina mwanga, jasho, vivuli vya misuli, utadhani amebandikwa juu. Nenda kwenye nusu ya pozi utafute maneno ya kamera. Mtu akieleza foto anaeleza bila kujua na jinsi foto ilivyopigwa: jua kali, mandhari yenye ukungu nyuma, sura inaonekana vizuri, ubora wa juu. Kila moja ya hayo inaivuta modeli irudi kwenye foto, na sehemu inayovutwa kwanza huwa ni mtu. Hata neno misuli imekaza ni la hatari, kwa sababu misuli huonekana kwa kivuli na kivuli tumeshakikataa. Nguvu ya jamaa inabidi ionekane kwa mkao, siyo kwa mwanga.

Chanzo cha pili ni mpangilio. Kama umeanza na sentensi ndefu ya mtu na staili ikaja mwishoni kama kiungo kinachohusu usuli tu, staili inakaa kwenye usuli. Ianzishe prompti kwa kusema hiki ni kitu gani, ni mchoro wa rangi ya mafuta, halafu ndiyo useme kuna nini ndani yake. Nimeona mpangilio huu unasaidia mara nyingi kuliko mwingine.

Kuna pia pozi ambalo lenyewe halikubaliani na staili, na hapa maneno yakibadilishwa hayasaidii. Tuseme foto ilipigwa kutoka mbele, jamaa anasukuma kuja kwetu, mikono imefupishwa na kichwa kimeziba kiwiliwili. Mkao huo unasomeka kwa kina na kivuli peke yake. Mchoro bapa hauna kina. Modeli itachagua, ama ipake vivuli na uipoteze staili, ama ibaki bapa na jamaa awe donge lisiloeleweka. Ukiona nusu zote mbili ni nzima peke yake ila hii inajirudia kwenye picha zote nne, usipoteze siku, tafuta foto nyingine ya mtu yuleyule kutoka pembeni. Staili bapa inataka pozi ambalo lingeeleweka hata kama lingekuwa kivuli cheusi ukutani. Hicho ni kipimo kizuri cha kuchagua picha ya pozi kabla hujaanza, punguza mwangaza wa foto mpaka mtu awe mweusi mtupu, kama bado unaelewa anafanya nini basi itafaa.

Dalili: mkono umemezwa na madoa

Umetaja nukta nyeupe, na nukta zimejaa kila mahali, kwenye ngozi, kwenye mbao, kwenye njano ya nyuma, mpaka hujui mkono unaishia wapi na mkokoteni unaanzia wapi. Chanzo ni kwamba nukta hazina makazi. Kwenye mchoro wa staili zilikuwa za chui, umemtoa chui, zimebaki zinaranda. Zipe makazi mapya kwa jina, kwenye shati na kwenye magunia tu, na viungo vyenye kazi, yaani mikono na miguu, viache na rangi moja iliyo mbali na rangi ya usuli ili mstari mweusi uvisome.

Rangi nazo zinaranda hivyohivyo. Njano ya usuli inaingia kwenye shati kwa sababu shati halikupewa rangi. Lipe rangi yake hata kama hujali ni ipi, bluu au nyekundu, ili njano isipate nafasi.

Dalili: mwisho wa prompti unapuuzwa

Sasa umeunganisha kila kitu, staili, pozi, nukta, shati bluu, na nukta hazipo kabisa, shati ni nyeupe, kana kwamba hujaandika. Kabla hujalaumu maneno hesabu urefu. Kisoma maandishi cha modeli hii kinapokea tokeni 77 kwa mkupuo, yaani vile vipande vya maneno, mbili ni za kufungua na kufunga, zinabaki 75 za kwako, na koma na nukta nazo zinahesabiwa. Ukiendesha kwa maktaba ya diffusers bila kuongeza kitu, kilichozidi kinakatwa, na inakuambia wazi kwenye terminali ila watu hawasomi:

```
The following part of your input was truncated because
CLIP can only handle sequences up to 77 tokens
```

Programu nyingine hazikati, zinagawa prompti mafungu ya 75 na kuyaunganisha, na kaunta iko pembeni ya kisanduku. Hapo hakuna kinachopotea lakini pozi likigawanyika katikati, mikono fungu hili na miguu fungu lile, viungo vinaanza kulegea. Kwa vyovyote vile picha mbili kwenye prompti moja zinamaliza nafasi haraka, kwa hiyo kukata ni sehemu ya kazi.

Kata kwa utaratibu huu. Kwanza ondoa maneno ya sifa yasiyochorwa, nzuri, ya kuvutia, ya kisanii, hayo hayana umbo. Kisha ondoa kinachosemwa mara mbili, mwili umeinama mbele na jamaa anajikaza ni jambo moja, baki na linaloonekana. Kisha angalia maneno yanayoleta mandhari. Kwenye kesi yetu neno la mwinuko, `uphill`, linaonekana halina ubaya, kumbe linagombana na usuli wa rangi moja, modeli ikisikia mwinuko inachora kilima, na kilima kinaleta nyasi na anga. Mwili uliolala mbele unatosha kusema mzigo ni mzito, mwinuko tunautoa. Kinachobaki:

```
Glossy enamel painting, flat unshaded colours,
thick black outlines, plain yellow background.
Side view, full body: man pushing a wooden handcart of sacks,
body slanted far forward, arms straight, both palms
on the rear bar, head down, front knee bent,
back leg stretched, heel lifted.
Blue shirt with white dots, dotted sacks.
```

Hii inakaribia sana mpaka wa 75, iangalie kwenye kaunta yako, na ikizidi kidogo cha kwanza kutoa ni mikono imenyooka, kwa sababu viganja kwenye mbao pamoja na mwili uliolala mbele vinaibeba. Cha mwisho kutoa ni kisigino.

Mtu anayetumia modeli kama Flux yenye kisoma maandishi cha T5 nafasi yake ni kubwa zaidi na sentensi ndefu inazielewa vizuri, hatalazimika kukata hivi. Ugomvi wa pozi na staili lakini uko palepale, twiga nao wanaweza kuja hukohuko.

Dalili: anaelekea kushoto badala ya kulia, au mguu wa mbele siyo ule

Usihangaike sana na hili. Kushoto na kulia ni udhaifu wa modeli hizi, na ukiandika mguu wa kushoto haijulikani ni kushoto kwa jamaa au kushoto kwa anayetazama. Ndiyo maana kwenye prompti nimeandika mbele na nyuma, hayo hayana utata. Mwelekeo ukiwa kinyume pindua picha nzima kwenye programu yoyote ya kuhariri, mchoro hauna maandishi kwa hiyo hakuna kitakachosomeka kinyumenyume.

Maneno yanapofika mwisho

Kuna vitu ambavyo prompti haitavitoa hata uandike vipi. Vidole vimeshika mbao kwa mpangilio ule wa kwenye foto, mwinamo uleule hasa na siyo unaofanana, umbali wa mguu na mguu. Maneno yanatoa aina ya pozi, hayatoi nakala ya pozi. Kama kazi yako inataka nakala, mfano unachora kurasa nyingi na jamaa awe vilevile kila ukurasa, hamia kwenye ControlNet yenye OpenPose, nyongeza inayofungwa kwenye modeli, inasoma foto na kutoa mifupa ya viungo, na modeli inafuata mifupa hiyo.

Ukifanya hivyo rudi kwenye prompti uipunguze. Sentensi yote ya magoti na visigino inaweza kuondoka, mifupa imeshasema. Lakini mkokoteni uache, tena na mbao yake ya nyuma na viganja juu yake, kwa sababu mifupa inajua viungo vya mtu tu, haijui kama mbele yake kuna kitu, na ukifuta neno mkokoteni utapata mtu aliyelala mbele anasukuma hewa. Nafasi iliyobaki ipe staili, na hapo sasa unaweza kueleza vizuri mistari ilivyo minene wapi na myembamba wapi, rangi ngapi, nukta za ukubwa gani, vitu ambavyo kwenye tokeni 75 za kugawana na pozi havikupata nafasi.